Sahihisho, alama au swali? Namna tatu za kumwandikia mwanafunzi mtu mzima kuhusu kosa la sarufi

Unafundisha Kiswahili kwa watu wazima: waliokuja kikazi, wanaojiandaa kwa utafiti, walioolewa au kuoa huku, wazaliwa wa ughaibuni wanaotaka kuandika lugha ya wazazi wao. Mwanafunzi anakuletea insha, nawe unakuta "kikapu yangu". Ukikata "yangu" na kuandika "changu" juu yake, atashukuru, na wiki ijayo atakuletea "kiti yangu". Sahihisho lilikuwa la kweli, ila lilihusu neno moja, na kosa lake halikuwa la neno moja.

Maoni yanayofundisha kanuni huandikwa kwa namna tatu kuu: unasahihisha na kueleza kanuni papo hapo, unaweka alama inayompeleka kwenye kanuni iliyoandikwa mahali pengine, au unamuuliza swali linalomfanya aitoe kanuni mwenyewe. Walimu wengi hushika moja na kuing'ang'ania kwa sababu ndiyo waliyofundishiwa. Nitazilinganisha zote kwa kifungu kimoja, ili uone kila moja inafanya nini kwenye kosa lilelile.

Kifungu cha kufanyia kazi

Nimekitunga kwa kukusanya makosa ambayo mwalimu yeyote wa ngazi ya kati anayafahamu:

> Jumamosi nilienda sokoni na rafiki wangu. Tuliona mama moja anauza matunda. Nilinunua kikapu kubwa na maembe mbili. Kikapu yangu ilichanika njiani. Silikula embe huko, nilirudi nyumbani yangu.

Ukihesabu maneno yenye kasoro utapata tisa. Ukihesabu kanuni, mambo yanapungua. "Kubwa", "yangu" na "ilichanika" ni kanuni moja ya upatanisho wa ngeli ya KI-VI, imevunjwa mara tatu. "Moja" na "mbili" ni ndugu zake, kwa kuwa namba hizo nazo hupatana na jina: mama mmoja, maembe mawili. Yanabaki "silikula", "nyumbani yangu", "tuliona mama" na "rafiki wangu", kila moja na habari yake.

Hatua ya kwanza, kabla ya kuchagua namna ya kuandika, ni kuchagua kanuni mbili tu za kuandikia. Zilizobaki ziandikie umbo sahihi bila maelezo, au ziache zisubiri zamu yake. Mtu mzima anayerudi kazini kesho asubuhi hatasoma maelezo tisa, na hata akiyasoma hatajua lipi ndilo kubwa. Katika kifungu hiki ningechagua upatanisho wa KI-VI, kwa kuwa umejirudia, na ukanushi wa "silikula", kwa kuwa kanuni yake ni fupi na haina utata mwingi.

Angalia pia kama ni kosa au ni kuteleza. Kama ukurasa huohuo una "kiatu changu" sahihi mahali pengine, kanuni anayo, ila mkono ulikimbia. Pigia mstari tu, ataona mwenyewe.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni kazi anayobaki nayo mwanafunzi baada ya kusoma maoni, kwa sababu asiyebakiwa na kazi hunakili tu. Cha pili ni kama kanuni inavuka: je, maoni juu ya kikapu yatamsaidia atakapoandika kuhusu kisu? Cha tatu ni muda wa mwalimu. Cha nne ni aina ya kosa, kwani si kila kosa lina kanuni inayoelezeka kwa sentensi mbili.

Kigezo hiki cha nne kina historia. Mwaka 1996 John Truscott, mtafiti wa ujifunzaji wa lugha ya pili, aliandika kwamba kusahihisha sarufi kwenye maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe kabisa. Dana Ferris, mtafiti wa fani hiyohiyo, alimjibu mwaka 1999, na sehemu ya jibu lake ni kutenganisha makosa yanayofuata kanuni ambayo mwanafunzi anaweza kuirejea, na yale ya uchaguzi wa maneno au muundo ambayo hayana kanuni ya kushika. Kwa mwalimu wa Kiswahili mgawanyo huo una manufaa ya moja kwa moja, maana upatanisho wa ngeli na ukanushi viko upande wa kwanza, na lugha yetu ina mengi ya upande huo.

Namna ya kwanza: sahihisho pamoja na kanuni

*Inavyoandikwa.* Unaandika umbo sahihi, kisha sentensi mbili au tatu za kanuni. Maoni haya hayafundishi:

> Kosa la ngeli! KI-VI. Kumbuka upatanisho wa kisarufi.

Yametaja jina la kanuni bila kuisema. Anayeijua kanuni hayahitaji, na asiyeijua hayamsaidii. Linganisha na haya:

> Kikapu kikubwa. Jina linaloanza na ki- katika umoja, kama si la mtu wala mnyama, hubadilisha mwanzo wa maneno yanayoambatana nalo: sifa huchukua ki- (kikubwa), umilikishi huchukua ch- (changu), kitenzi huchukua ki- (kimepotea). Ni vivyo hivyo kwa kiti na kisu. Sasa rekebisha mwenyewe sentensi yako ya nne.

Yapo mambo manne hapa. Kuna sharti, yaani kanuni inaanza kufanya kazi lini. Kuna badiliko, yaani nini hasa kinageuka. Kuna mpaka, "kama si la mtu wala mnyama". Na kuna mifano mingine miwili, ili asidhani ni habari ya kikapu peke yake. Kinachosahaulika mara nyingi ni mpaka. Ukiuacha, baada ya wiki mbili utasoma "kijana kikubwa kilifika", na mwanafunzi atakuonyesha maandishi yako mwenyewe kama ushahidi.

*Kazi ya mwanafunzi.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Umbo sahihi liko mbele ya macho, kwa hiyo anaweza kulinakili na kuruka maelezo. Dalili yake ni nakala safi ya pili na insha mpya yenye kosa lilelile. Dawa niliyoiweka kwenye mfano ni kusahihisha tukio la kwanza tu na kumwachia yale mengine. Sentensi ya nne ina makosa mawili ya kanuni hiyohiyo, na njia pekee ya kuyarekebisha ni kusoma maelezo.

*Kanuni inavuka?* Ikiandikwa kwa mambo manne yale, mara nyingi inavuka. Utafiti wa Younghee Sheen uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha wanafunzi wa Kiingereza waliosahihishwa tu na waliosahihishwa wakaelezwa na kanuni, na tofauti kwa faida ya walioelezwa ilionekana wazi zaidi katika jaribio lililofanywa baada ya muda kupita. Lakini ulihusu kipengele kimoja cha sarufi ya Kiingereza, kwa hiyo usiuchukue kama ruhusa ya kueleza kila kitu kwa wakati mmoja. Mimi nauona kama hoja ya kuchagua kanuni chache.

Chagua mfano wa kanuni kwa uangalifu. "Silikula" ni mtego mzuri. Mwalimu anaandika kwamba katika ukanushi wa wakati uliopita -li- huondoka na nafasi yake huchukuliwa na -ku-. Ni kweli. Mwanafunzi anaishika kanuni, anaondoa -li- kwenye "silikula", anaweka -ku-, na anapata "sikukula", akiwa ametii kila neno aliloandikiwa. Kitenzi "kula" kina ku yake mwenyewe, na katika maandishi sanifu ku hubaki moja. Maoni yaanze na vitenzi vya kawaida, kisha yafike kwenye neno lake:

> Wakati uliopita, ukikanusha, -li- huondoka na -ku- huingia: nilisoma → sikusoma, tulinunua → hatukununua. Vitenzi vifupi kama kula, kunywa na kuja hubaki na ku moja: sikula, sikunywa, sikuja.

*Muda.* Ni namna nzito mwanzoni. Inapungua ukiweka daftari la maelezo, au faili kwenye simu, kila kanuni ikiwa imeandikwa mara moja vizuri, kisha unabadilisha mifano tu. Usiache kubadilisha mifano. Muuguzi umwandikie kitanda na kidonda, na fundi wa ujenzi umwandikie kipimo na kizingiti. Maoni yaleyale kwa kila mtu yanasomeka kama tangazo.

*Inamfaa nani.* Anayekutana na kanuni kwa mara ya kwanza, anayesoma peke yake bila darasa, na yule mwenye kazi nyingi anayesema waziwazi, "Mwalimu, niambie tu kanuni." Inafaa sana pia kwa mambo yasiyoweza kubuniwa. "Rafiki wangu" ni mojawapo. Mwanafunzi huyo amefuata kanuni ya viumbe hai, kama mtoto wangu na mbwa wangu, akaingia kwenye kundi lenye desturi yake: rafiki yangu, baba yangu, dada yangu, na katika wingi rafiki zangu, dada zangu. Hakuna swali litakalomfikisha hapo kwa kufikiri. Mwandikie, na umwambie kwamba kanuni aliyofuata ni ya kweli, ila majina ya jamaa na urafiki yamejitenga katika umilikishi tu. Vitenzi na sifa vinabaki palepale: rafiki yangu mzuri amefika.

Namna ya pili: alama na karatasi ya kanuni

*Inavyoandikwa.* Mwanzoni mwa kozi kila mwanafunzi anapewa karatasi moja yenye kanuni tano au sita, kila moja na alama yake. Kwenye insha mwalimu anapigia neno mstari na kuandika alama juu yake. Karatasi inaweza kuwa hivi:

> UP: upatanisho. Tafuta jina linaloongoza, kisha tazama jedwali.
> UK: ukanushi. Tazama wakati gani unakanushwa.
> MT: kiambishi cha mtendwa hakipo au si chake.
> MH: mahali. Jina lenye -ni halifuati tena ngeli yake ya awali: nyumba yangu, lakini nyumbani kwangu.

Chini ya kila alama kuna mifano mitatu sahihi na jedwali dogo. Kifungu chetu kingerudi na UP juu ya "kubwa", "yangu" na "ilichanika", UK juu ya "silikula", na kama unataka, MH juu ya "nyumbani yangu".

*Kazi ya mwanafunzi.* Ni kubwa na ya wazi: anatafuta, anasoma, anarekebisha. Hakuna umbo la kunakili. Kwa kanuni ya MH kazi hiyo inatosha kabisa, maana mistari miwili ya karatasi inamaliza jambo kwa ngazi hii.

*Kanuni inavuka?* Inavuka kwa kanuni iliyokwisha kufundishwa. Kwa isiyofundishwa, mwanafunzi anabahatisha, na ubahatishaji una sura yake: "kikapu yangu" inarudi ikiwa "kikapu wangu", kisha "kikapu langu". Anapita kwenye orodha ya umilikishi akijaribu kila mlango. Ukiona hivyo, acha alama, rudi kwenye namna ya kwanza kwa kanuni hiyo.

Kuna kosa jingine la ndani zaidi. Alama ya UP inasema kwamba maneno mawili hayapatani, lakini haisemi lipi linaongoza. Katika "Nilinunua kikapu kubwa" jawabu liko jirani. Katika sentensi ndefu, kama "kikapu cha mama yangu ilichanika", mwanafunzi anaweza kudhani kitenzi kinaongozwa na mama, akaandika "alichanika". Mshale mmoja wa kalamu kutoka "kikapu" hadi "ilichanika" unaondoa tatizo lote. Nimeona mshale huo ukifanya kazi ambayo aya nzima ya maelezo ilishindwa.

Halafu kuna majina ya ngeli. Vitabu vya Kenya vingi huita A-WA, KI-VI, LI-YA, I-ZI. Vingine, hasa vya zamani, huita M-WA, KI-VI, JI-MA, N-. Na vitabu vya vyuo vya nje hutumia namba, ambako 1 na 2 ni watu, 7 na 8 ni KI-VI, 9 na 10 ni zile za N-. Mwanafunzi aliyesomea namba akikuta LI-YA kwenye karatasi yako hatajua kwamba ni 5 na 6 yake. Tumia majina ya kitabu alichonacho, au weka mfumo wa pili pembeni ya jedwali.

*Muda.* Ni nyepesi kuliko zote baada ya karatasi kutengenezwa. Darasa la watu ishirini wanaoleta insha kila wiki, sijui namna nyingine inayowezekana kwa mwalimu mmoja.

*Inapokwama.* Alama zikizidi sita au saba, mwanafunzi anasoma alama badala ya kusoma sentensi yake. Na kwa makosa ambayo kanuni yenyewe ndiyo iliyomponza, alama inamrudisha alikotoka. Weka UP juu ya "rafiki wangu" uone. Atafungua jedwali, atakuta kwamba kiumbe hai huchukua w- katika umilikishi, na atabaki na "wangu" yake akiamini mwalimu amekosea. Ana haki ya kuamini hivyo.

*Inamfaa nani.* Darasa la kikundi lenye kitabu kimoja, mwanafunzi wa ngazi ya kati aliyekwisha kupita kwenye kanuni, na yule anayejiandaa kwa mtihani na anataka kuhesabu makosa yake kwa aina. Haimfai mtu ambaye hakusoma sarufi shuleni hata kwa lugha yake mwenyewe. Kwake "kiambishi cha mtendwa" ni maneno matupu, na karatasi yenye majina hayo humfanya ajione hafai, wakati anaongea vizuri tu.

Namna ya tatu: swali lenye ushahidi

*Inavyoandikwa.* Unaweka mbele yake mifano miwili au mitatu na kumuuliza tofauti iko wapi. Mfano mzuri kuliko wote ni sentensi yake mwenyewe iliyo sahihi:

> Wiki iliyopita uliandika "kitabu kizuri". Leo umeandika "kikapu kubwa". Tazama mwanzo wa jina na mwanzo wa sifa katika sentensi ya kitabu. Ungeandikaje ya leo, na kwa nini?

"Una uhakika?" si swali la namna hii. Hata "Angalia tena hapa" si swali. Mwanafunzi akiulizwa hivyo hujua tu kwamba amekosea, hubadilisha chochote, na husubiri kuona uso wako. Swali linalofundisha hubeba ndani yake kila kinachohitajika kulijibu.

*Kazi ya mwanafunzi.* Ni kubwa kuliko katika namna zote. Lazima ajibu kwa maandishi, aseme kanuni kwa maneno yake. Hapo ndipo mwalimu anapopata kitu ambacho namna mbili za kwanza hazimpi: anaona kanuni iliyomo kichwani mwa mwanafunzi, ikiwa sahihi au imepinda.

Chukua "Tuliona mama". Namna ya kwanza ingesema kwamba mtendwa akiwa mtu au mnyama, kitenzi huchukua kiambishi chake: tulimwona mama. Ni kweli, lakini mwanafunzi atauliza habari ya vitu, na hapo maelezo yanarefuka, kwa sababu kwa vitu kuna uchaguzi. "Nilinunua kikapu" na "nilikinunua kikapu" zote zipo, na tofauti yake inategemea kama kikapu kinajulikana tayari kwa wanaozungumza. Swali linaweza kulibeba jambo hili bila aya nzima:

> Linganisha:
> a) Niliona soko.
> b) Nilimwona mwalimu.
> c) Kile kikapu nilikiona jana.
> Kwa nini (b) ina -mw- na (a) haina kitu? Na (c) ina nini ambacho (a) haina? Kisha rudi kwenye "Tuliona mama".

Mwanafunzi mmoja atajibu kwamba -mw- ni ya watu. Mwingine atajibu kwamba ni ya mtu mwenye cheo, kwa kuwa mfano ulikuwa mwalimu. Jibu hilo la pili ni dhahabu kwa mwalimu. Limekuonyesha kwamba mifano yako haikutosha, nawe unaongeza "nilimwona mtoto" na "nilimwona paka", kwa sentensi mbili umemaliza.

*Kanuni inavuka?* Ikipatikana, inavuka vizuri, kwa kuwa ni yake. Lakini isipothibitishwa, ile iliyopinda ndiyo itakayovuka. Swali lisilorudiwa na mwalimu kwa jibu la uthibitisho ni hatari kuliko sahihisho kavu. Kama hujui utapata nafasi ya kujibu, usiulize.

*Muda.* Kuandika swali zuri huchukua muda, kutafuta sentensi yake ya zamani huchukua muda, na kusoma jibu huchukua muda tena. Inawezekana kwa mwanafunzi mmoja mmoja, hasa kama mnaandikiana kwa WhatsApp, ambako swali la asubuhi hupata jibu jioni. Kwa insha ishirini haiwezekani, labda swali moja kwa darasa zima.

*Inapokwama.* Inakwama kwa mambo ya desturi tupu, kama rafiki yangu. Inakwama kwa anayeanza, ambaye hana sentensi sahihi za kutosha za kulinganisha. Na inaweza kumkera mtu mzima. Daktari wa miaka hamsini akiulizwa maswali matano kwenye ukurasa mmoja anaweza kuona anafanyiwa mchezo wa watoto. Maandishi hayana sauti, tabasamu lako halionekani. Swali moja kwa insha, na liwe na sababu: "Nakuuliza hili kwa sababu ulipatia wiki iliyopita."

*Inamfaa nani.* Anayefundishwa peke yake, anayependa kuchambua, wa ngazi ya kati kwenda juu, na kanuni zinazohusu maana kuliko umbo.

Jambo linalogusa namna zote tatu: anachosikia barabarani

Mwanafunzi anayeishi Nairobi au Lubumbashi husikia "kitabu yangu" kila siku kutoka kwa watu wanaozungumza kwa ufasaha na kuelewana bila shida. Maoni yakisema "hakuna anayesema hivi", atajua si kweli, na imani yake kwa maoni yako mengine itapungua. Andika hivi: "Katika mazungumzo ya hapo ulipo utasikia kitabu yangu. Katika barua, ripoti na mtihani, Kiswahili sanifu kinataka kitabu changu." Kwa maneno hayo umefundisha kanuni na mahali inapotawala.

Utajuaje kama kanuni imeshika

Nakala iliyorekebishwa haithibitishi kitu, kwa namna yoyote utakayochagua. Baada ya wiki moja au mbili mpe mada inayolazimisha kanuni ileile kwa maneno mengine. Kwa KI-VI mwambie aeleze chumba chake: chumba, kitanda, kiti, kioo, kisha umtake ataje kijana au kiongozi anayemfahamu. Hesabu mahali ambapo kanuni ilihitajika na mahali alipopatia, uandike kwenye daftari lako mbele ya jina lake. Ukikuta "kitanda changu kikubwa" pamoja na "kijana kile kilinisaidia", usivunjike moyo wala usimvunje. Kanuni ameipata, bado mpaka. Maoni yako yajayo yawe juu ya mpaka peke yake: kijana yule alinisaidia, kwa kuwa ni mtu, umbo la jina halihesabiki hapo.

Uchague kwa hali uliyo nayo

Kama mwanafunzi ni mpya na kanuni hajaikuta, andika sahihisho lenye kanuni, ukimwachia tukio la pili alirekebishe.

Kama una darasa kubwa na kitabu kimoja, tumia alama zisizozidi sita, ongeza mshale kila upatanisho unapovuka neno la katikati, na wiki ambayo wengi wamerudia alama ileile, andika kanuni hiyo ubaoni badala ya kuiandika kwenye karatasi ishirini.

Kama una mwanafunzi mmoja anayekuandikia mara kwa mara na anapenda kujua sababu, muulize swali moja kwa insha, na usilale bila kumjibu.

Kama kosa ni la kundi lenye desturi yake, kama rafiki yangu, au kitenzi kifupi kama kula, sahihisha na ueleze, hata kama kwa mengine yote unatumia alama au maswali.

Kama mwanafunzi hakusoma sarufi, acha majina yote ya kisarufi. Andika mifano mitatu sahihi chini ya sentensi yake, kila silabi ya mwanzo ikiwa imepigiwa mstari, na sentensi moja ya kawaida inayosema kinachofanana.

Na kama ni ripoti ya kazini inayotakiwa kesho saa mbili asubuhi, sahihisha zote tisa bila maelezo, umrudishie. Kanuni mbili mtazishika Jumamosi, kwa kifungu hichohicho, akiwa ametulia.